Watazamaji 40,000, wa Majengo wako wapi?

Siku hizi kuna vijana wanapita madukani hapa Dodoma kuuza watazamaji wa TikTok. Unamlipa, anakurekodi ukicheza mbele ya rafu, video inapaa, anakutumia picha ya namba ilivyopanda. Kazi yake imeisha. Mauzo muulize Mungu.

Juzi dada mmoja anayeuza viatu vya watoto Majengo kaniuliza: video imetazamwa mara 40,000, mbona wateja ni walewale? Nikamwambia afungue Analytics, yaani takwimu za hiyo video, aachane na namba kubwa ya juu, ashuke hadi kwenye miji. Dar, Mwanza, Nairobi. Dodoma asilimia 3. Hiyo ni kama mara 1,200, na wala si watu 1,200, maana TikTok inahesabu mara video inapoanza kucheza, na mtu akirudia inahesabu tena. Muda wa wastani wa kutazama ulikuwa sekunde 5. Viatu vinaonekana sekunde ya 14! Kabla ya hapo ni dada anacheza tu. Wengi wameondoka bila hata kujua anauza nini.

Kinachoniudhi ni kwamba mtambo haujamwonea. TikTok inaangalia nani wanakaa na video mpaka mwisho, kisha inawatafuta wengine wa aina hiyo. Ukianza na kichekesho, wanaobaki ni wapenda vichekesho, na wao wanavuta wenzao, popote walipo. Mama wa Nkuhungu anayehangaikia kiatu cheusi cha shule namba 32 hawezi kufikiwa kwa njia hiyo, labda kwa bahati.

Na wale wachache wa hapa mjini walioandika "bei gani?" walijibiwa "njoo inbox". Jamani! Kiatu cha mtoto kina siri gani?

Sekunde tatu za kwanza onyesha kiatu mkononi, useme: "Viatu vya shule, Majengo Dodoma, kuanzia elfu kumi na nane." Kisha rekodi ukitembea kutoka barabarani hadi mlangoni, mtu aone anapita wapi. Watazamaji watapungua sana. Waache wapungue. Ukilipia tangazo na ukapewa nafasi ya kuchagua eneo, chagua Dodoma, si Tanzania nzima.

Haya, nakubali, wa Dar nao wana faida kama unatuma mzigo kwa basi kutoka stendi ya Nanenane na umesema hivyo kwenye video, pamoja na nauli ya mzigo. Dada wa viatu hakuwa anatuma.

Halafu weka daftari kaunta. Kila anayenunua muulize kakuona wapi, andika. Wakija wengi wakisema TikTok ila wanatoka mikono mitupu, video imefanya kazi yake; nenda kaulize bei ya duka la jirani.