Duara la Basi la Shule na Hofu ya Kufuatiliwa

"Hatukubali watoto wetu wafuatiliwe kwa simu." Kauli ya namna hii hutoka kwenye vikao vya wazazi pale shule inapopendekeza basi litume taarifa likikaribia kituo. Wanaoitoa wana haki ya kuhoji. Ila wengi wao, kwa maoni yangu, wanakataa kilicho salama zaidi na kuacha mlango wazi kwa kile wanachokiogopa.

Kinachopendekezwa ni uzio wa kidijitali. Simu janja ya kondakta hupewa namba tatu kwa kila kituo: latitudo, longitudo, na nusu kipenyo kwa mita. Namba hizo hutengeneza duara lisiloonekana barabarani. Simu ikiingia ndani ya duara, programu huamshwa na kufanya jambo moja ililopangiwa, kwa mfano kutuma ujumbe: "Basi linakaribia kituo." Baada ya hapo inalala tena. Kwenye Android na iPhone, kazi ya kulinganisha mahali simu ilipo na duara hufanywa na mfumo wa simu yenyewe, si na seva ya kampuni iliyouza programu. Basi likikwama Ubungo au likipinda Shekilango, kampuni haina habari. Inachopata ni tukio moja: simu hii imeingia kwenye duara hili, saa fulani.

Ramani ya moja kwa moja ni kitu kingine kabisa. Hapo simu hutuma mahali ilipo kila baada ya sekunde chache, safari nzima, na seva huhifadhi njia yote. Mlinzi wa getini anayepiga simu gari likifika hafanyi kazi sawa na mtu aliyepanda ndani ya gari akiandika kila kona. Cha ajabu ni kwamba wazazi wale wale wanaoukataa uzio huifurahia ramani wakionyeshwa kigari kinachotembea kwenye skrini. Kinachoonekana kinaaminika, hata kama ndicho kinachokusanya zaidi.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Kampuni ya matangazo ya Copley Advertising ilichora maduara kuzunguka vituo vya afya ya uzazi na kliniki za methadoni katika miji kadhaa, ikiwemo New York, Pittsburgh na St. Louis. Mwanamke akiingia eneo hilo na simu yake, alianza kuona matangazo ya kumshawishi asitoe mimba, na matangazo hayo yaliweza kumfuata hadi siku 30 baada ya kuondoka. Aprili 2017 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Massachusetts alifikia makubaliano na kampuni hiyo kwamba haitafanya hivyo kuzunguka vituo vya afya vya jimbo lake. Mwaka 2023 jimbo la Washington likaenda mbali zaidi: sheria yake inakataza uzio wa namna hiyo ndani ya futi 2,000, kama mita 600, kutoka kituo cha afya, kwa lengo la kuwatambua watu, kukusanya taarifa zao za afya au kuwapelekea matangazo yanayohusu afya.

Tazama lakini kilichokuwa kibaya pale. Waliolengwa hawakuliomba duara lile. Mahali walipo palifika kwa watangazaji kupitia programu za kawaida walizokuwa nazo kwenye simu. Hesabu ilifanyika nje ya simu zao, na kilichobaki ni alama iliyowafuata kwa wiki nne. Basi la shule lina simu moja, ya kazi, ya mtu anayejua kwamba imewekewa duara, na anayepokea ujumbe ni mzazi aliyeuomba. Kuyaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja kwa sababu yote yana duara ni kukosa kutazama duara linafanya kazi kwa nani.

Udhaifu halisi wa uzio hauko kwenye upelelezi. Uko kwenye kuchelewa, na jambo hili sijaona likijadiliwa kwenye vikao hivyo.

Ili isimalize betri, simu haiwashi GPS muda wote kwa ajili ya uzio. Inategemea zaidi minara ya mtandao na mitambo ya waifai iliyo karibu, na inakagua kwa vipindi. Google wenyewe wanawaambia watengenezaji wa programu kwamba arifa inaweza kuchukua dakika mbili hivi, na hata kufikia sita ikiwa simu imetulia mahali pamoja kwa muda mrefu. Pia wanashauri nusu kipenyo kisipungue mita 100 hadi 150. Sasa chukua mtengenezaji anayesoma ushauri huo haraka na kuweka mita 100 kwa kila kituo. Basi linalokwenda kilomita 30 kwa saa linavuka duara hilo lote, mita 200 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sekunde 24. Katika dakika mbili za kuchelewa litakuwa limesonga kilomita nzima. Ujumbe utafika basi likiwa limeshaondoka, au hautafika kabisa kwa sababu simu ilikagua kabla ya kuingia na kukagua tena baada ya kutoka. Mzazi atasema mfumo ni mbovu. Mfumo uko sawa, aliyekosea ni aliyechora duara.

Ukiweka kilomita moja, basi litaingia ukingoni, dakika mbili zitapita, na ujumbe utafika pamoja na honi. Ukiweka kilomita mbili, mama aliye ghorofa ya tatu anapata dakika mbili za kumvisha mtoto viatu na kushuka naye. Hapo pameeleweka, mpaka siku ya foleni. Basi likitambaa kwa kilomita 10 kwa saa, zile kilomita mbili zinakula dakika 12, na mtoto anasimama juani au mvuani akisubiri. Na kilomita hizo hupimwa kwa mstari ulionyooka, wakati barabara inazunguka.

Hapa watetezi wa ramani wana hoja yenye uzito, kwa kuwa mzazi anayeona basi limekwama mbele ya mataa hatamtoa mtoto mapema. Siwezi kuipuuza. Lakini kuna njia ya kufika karibu na hapo bila kuhifadhi njia nzima, nayo ni maduara mawili kwa kila kituo. La nje, la kilomita mbili, linasema "jiandae". La ndani, la mita 500, linasema "toka". Barabara ikiwa nyeupe, la ndani huenda likachelewa, lakini la nje lilishatosha. Kukiwa na foleni, basi linatumia dakika tatu kufika kutoka ukingo wa ndani, hivyo ujumbe unawahi. Kuna kikomo cha kuzingatia: iPhone inaruhusu programu moja kusimamia maduara 20 tu kwa wakati mmoja, Android 100. Njia yenye vituo 12 inahitaji maduara 24, kwa hiyo kwenye iPhone programu lazima iwe inapakia vituo vinavyofuata na kuondoa vilivyopitwa.

Duara la shule yenyewe lina tatizo lake. Shule nyingi ziko kando ya barabara kuu, na basi linaweza kupita mbele ya geti likielekea kuchukua kundi la pili. Ukisikiliza tukio la kuingia tu, wazazi 30 wanaambiwa watoto wamefika shuleni wakati bado wako ndani ya basi. Mbali na kuingia na kutoka, Android ina tukio la tatu, `DWELL`, linalosubiri simu ikae ndani ya duara kwa muda uliopangwa kabla ya kutoa arifa. Weka dakika tatu, na kupita tu hakuhesabiki. Wenye maduka wanaotaka kupeleka ofa kwa wanaoingia Kariakoo wangetumia hilo pia, maana bila kusubiri, abiria wa daladala anayepita Mtaa wa Msimbazi huhesabiwa mteja.

Wakosoaji wanaposhika pazuri ni kwenye mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza ni ruhusa. Ili uzio ufanye kazi skrini ikiwa imezimwa, programu inahitaji kuruhusiwa kuona mahali simu ilipo muda wote, na ruhusa hiyo hiyo inaiwezesha kusoma mahali hapo wakati wowote itakao. Ukiangalia ruhusa peke yake, huwezi kutofautisha programu ya uzio na programu ya kufuatilia. Na huduma ya mahali ya simu nayo huuliza seva za Google au Apple kuhusu minara na waifai zilizo jirani, kwa hiyo anayekuambia hakuna chochote kinachotoka kwenye simu anakudanganya kidogo.

La pili ni zito zaidi. Duara likichorwa kwenye nyumba ya kila mtoto, simu ya kondakta inabeba orodha ya makazi ya watoto wote wa njia hiyo, kila moja na alama yake kwenye ramani. Simu ikiibiwa, au kondakta akiacha kazi bila kuirudisha, orodha imekwenda nayo. Hakuna ramani ya moja kwa moja inayolazimika kuwa na kitu hicho. Kwa hiyo maduara yachorwe kwenye vituo vya pamoja, dukani au kwenye mataa, na majina ya watoto yasiwemo kwenye simu. Nani ashuke kituo gani anajua matroni na karatasi yake.

Namna ya kujua umepewa uzio au ramani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, na kwa mtoto, mzazi ndiye anayeomba. Iombeni shule kumbukumbu za basi za siku moja, kama zilivyo kwenye seva. Uzio wenye vituo 12 utakupa mistari michache kwa safari, miwili kwa kila kituo na mmoja wa shule. Simu inayotuma mahali ilipo kila sekunde tano kwa saa moja na nusu itakupa mistari 1,080. Hamhitaji fundi wa kuwasomea karatasi hiyo. Kama ni mistari 1,080 na shule ilisema ni uzio, swali la kikao kinachofuata ni nani mwingine anaisoma, na inafutwa lini.