Uboreshaji wa Kibayesi na utafutaji nasibu: hukumu ya mapema inapopotosha

"Nina kadi moja ya GPU na siku mbili tu. Nitumie Optuna ichague haipaparameta na kukatisha majaribio mabaya, au nichague kwa bahati nasibu tu?"

Optuna ni maktaba ya Python ya kutafuta haipaparameta, yaani mipangilio ya modeli inayowekwa kabla ya mafunzo. Swali hili limefunga pamoja mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Kuchagua jaribio lijalo ni kazi moja, na kuamua lini jaribio linaloendelea likatishwe ni kazi nyingine. Mtu akiweka upande mmoja uboreshaji wa Kibayesi, yaani uchaguzi unaojifunza kutoka majaribio yaliyopita, tena unaokatisha majaribio, na upande wa pili utafutaji nasibu unaoendesha kila jaribio hadi mwisho, kisha akasema Bayes ameshinda, hajui ameshinda kwa lipi. Sehemu kubwa ya ushindi huo huenda imeletwa na ukatishaji peke yake, na huo hata utafutaji nasibu unaweza kuutumia. Mbinu iitwayo Hyperband, kwa mfano, kimsingi ni utafutaji nasibu wenye ratiba kali ya kukatisha.

Tuchukue hesabu. Tuseme jaribio kamili lina mizunguko 30 ya mafunzo, kila mzunguko dakika 2, yaani saa nzima. Siku mbili zinatosha majaribio 48. Ukichagua kwa nasibu, uwezekano wa kupata angalau jaribio moja lililo katika asilimia 5 bora ya eneo unalotafuta ni 1 kutoa 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 48, yaani takribani asilimia 91. Sasa weka ukatishaji: majaribio 5 ya kwanza yaende hadi mwisho, na katika yanayofuata nusu yasimamishwe baada ya mzunguko wa 6. Wastani wa jaribio unashuka hadi mizunguko 18, na muda uleule unabeba majaribio yapatayo 76. Uwezekano unapanda hadi takribani asilimia 98, na hapo Bayes hajaguswa kabisa.

Hata hivyo, asilimia hiyo 98 inahesabu tu kwamba jaribio zuri limechaguliwa; haisemi kwamba limeponea kukatishwa. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na nadhani ndipo wengi wanapopita haraka.

Katika Optuna, mkatishaji aitwaye MedianPruner hulinganisha thamani bora ambayo jaribio limeifikia hadi mzunguko fulani na thamani ya katikati, yaani median, ya majaribio yaliyotangulia kwenye mzunguko huohuo. Yanayohesabiwa katika median hiyo ni majaribio yaliyokamilika tu. Kwa hiyo, baada ya yale machache ya mwanzo, wanaoingia kwenye kipimo ni wale waliokwisha kuponea kipimo hicho, na kizingiti kinazidi kupanda kadiri kazi inavyoendelea. Jaribio ambalo lingepita likiwa la 8 linaweza kukatwa likiwa la 40, ingawa tabia yake ni ileile.

Waathirika wa kwanza ni majaribio yanayoanza polepole. Tuseme jaribio moja lina kiwango cha ujifunzaji cha 0.02: kosa la uthibitisho linashuka hadi 0.52 kwenye mzunguko wa 6, kisha linagota kwenye 0.47. Jingine lina kiwango cha 0.0005: kwenye mzunguko wa 6 liko 0.61, lakini likiachwa lingefika 0.39 mwishoni. Mistari miwili inapishana katikati ya safari, na mkatishaji ameshaamua kabla haijapishana. Namba hizi ni za mfano, ila mwenendo wenyewe huonekana mara kwa mara, hasa pale kiwango cha ujifunzaji kinapopunguzwa taratibu hadi mzunguko wa mwisho, au pale udhibiti dhidi ya kukariri data unapokuwa mkali, kwa sababu mitandao ya namna hiyo huchelewa kuonyesha uwezo wake.

Utafutaji nasibu ukifanya kosa hilo, hasara ni jaribio moja. Jaribio lijalo halijui kilichotokea. Kiwango cha 0.0005, au kilicho jirani nacho, kina nafasi ileile ya kuchaguliwa tena. Uboreshaji wa Kibayesi hauna usahaulifu huo wenye faida. TPE, mbinu ya Kibayesi ambayo ndiyo chaguo-msingi la Optuna kwa lengo moja, hugawa majaribio yaliyopita katika kundi la mazuri na kundi la mabaya, kisha hupendekeza thamani ambazo zinaelekea kutoka kundi la kwanza kuliko la pili. Majaribio yaliyokatishwa hupangwa nyuma ya yote yaliyokamilika. Kwa hiyo lile la 0.0005 linaandikwa kama ushahidi kwamba viwango vidogo ni vibaya, pendekezo linalofuata linakwepa eneo hilo, na kosa la mkatishaji linakuwa fundisho kwa mchaguzi. Ikumbukwe pia kwamba kundi la mazuri huwa dogo: kwa majaribio 40, TPE ya Optuna kwa chaguo-msingi huweka manne tu humo. Mawili kati yake yakiwa yameingia kwa bahati ya mbegu, yaani namba inayoanzisha unasibu wa mafunzo, utafutaji wote unaelekezwa na bahati hiyo.

Haya hayafuti sifa ya Bayes. Katika shindano la mkutano wa NeurIPS la mwaka 2020 la kuboresha haipaparameta, mbinu za Kibayesi na jamaa zake ziliushinda utafutaji nasibu kwa uwazi, na mimi sioni sababu ya kuupinga ushahidi huo. Watafiti waliotoa BOHB, mbinu inayounganisha Bayes na Hyperband, mwaka 2018 waliiacha ratiba ya Hyperband ilivyo na kubadilisha mchaguzi tu; faida ya Bayes ilijitokeza zaidi kadiri bajeti ilivyokua, kwani mwanzoni hakuna cha kujifunza. Kwa majaribio 15, ambayo 10 ya kwanza TPE huyachagua kwa nasibu, tofauti inayobaki ni ndogo mno. Kwa 76, inaanza kuwa na maana.

Kwa hiyo kwa muuliza swali ningeanza hivi: majaribio 10 ya nasibu yaendeshwe hadi mzunguko wa 30 bila kukatwa, huku kosa la uthibitisho likiandikwa kila mzunguko. Hilo linakula saa 10 kati ya 48, na si hasara, kwa kuwa matokeo yake yanabaki kwenye kumbukumbu ya utafutaji. Kisha yapangwe kwa ubora mara mbili, kwanza kama yalivyokuwa kwenye mzunguko wa 6, halafu kama yalivyo kwenye wa 30. Ikiwa matatu bora ya mwisho yote yalikuwa katika nusu ya juu kwenye mzunguko wa 6, endelea na TPE pamoja na ukatishaji, katika utafutaji uleule uliohifadhi majaribio hayo 10:

```python
study = optuna.create_study(
    study_name="utafutaji",
    storage="sqlite:///utafutaji.db",
    load_if_exists=True,
    direction="minimize",
    sampler=optuna.samplers.TPESampler(seed=7),
    pruner=optuna.pruners.MedianPruner(
        n_startup_trials=10, n_warmup_steps=6),
)
```

Ikiwa hata moja kati ya hayo matatu lilikuwa nusu ya chini, sogeza `n_warmup_steps`, yaani mizunguko ya mwanzo isiyokatishwa, hadi 12 au 15 na upime tena kwa data hiyohiyo. Na ikiwa mpangilio hautulii hadi karibu na mwisho, ondoa ukatishaji kabisa; TPE isiyokatisha, ikijifunza kutoka majaribio machache lakini ya kweli, itakufaa kuliko ile inayojifunza haraka kutoka hukumu za uongo. Kwa vyovyote vile, tenga saa 6 za mwisho: matatu bora yarudiwe kwa mbegu mbili mpya kila moja, na mshindi achaguliwe kwa wastani wa mbegu hizo.