Andika ulichokuwa ukifanya, kisha nani alikulipa

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinijia nyumbani Ngamiani na wasifu wake, kurasa mbili, akauweka mkekani mbele yangu. "Mjomba, wameniuliza mbona sikai kazini."

Swali lile limeniuma. Hapa Tanga kijana aliyemaliza chuo hupata kazi zinapotokea: sensa, ugawaji wa vyandarua, uandikishaji wa wapiga kura, wakandarasi wadogo wa bomba la mafuta kule Chongoleani. Mkataba ukiisha, umeisha. Hakufukuzwa wala hakuacha. Lakini wasifu wake ulikuwa unamsema vibaya, maana aliorodhesha waajiri wanne mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na miezi yake michache, na msomaji aliona mtu anayerukaruka.

Nikamwambia aweke majina ya waajiri kando kwanza, anieleze asubuhi mpaka jioni alikuwa anafanya nini. Agosti 2022 alikuwa karani wa sensa, wiki 5 pamoja na mafunzo. Mwaka 2023 alifanya utafiti wa afya wa kaya Mkinga na Muheza, miezi 4. Mwaka 2024 alitunza stoo ya mkandarasi mdogo, miezi 6. Februari 2025 alikuwa mwendeshaji wa kifaa cha bayometriki kwenye uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, wiki 2 na mafunzo yake.

Tatu kati ya hizo ni kazi moja. Mtu anakaa mbele yako, unamuuliza, unaingiza jibu kwenye kishikwambi au mashine, na likikosewa hapo limekosewa mpaka juu. Kwa hiyo tuliandika kichwa kimoja:

Mwandikishaji na mkusanyaji wa taarifa za wananchi, Mkoa wa Tanga (kazi za mikataba), Agosti 2022 – Februari 2025. Jumla ya muda kazini: miezi 5 na wiki 3.

Chini yake kila mwajiri akapata mstari mfupi, jina na miezi yake, na mbele yake maneno "mkataba ulikamilika". Hiyo jumla nilimsisitizia sana. Ukiandika 2022 hadi 2025 peke yake, msomaji atadhani ni miaka miwili na nusu mfululizo, na siku akimpigia simu msimamizi wako utaonekana mwongo kwa jambo ambalo hukulisema. Kuunganisha kazi ni halali. Kuunganisha miezi ambayo hukufanya kazi si halali.

Stoo tuliiacha peke yake. Yeye alitaka kuiingiza, kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote, eti nako alikuwa "anakusanya takwimu" za mifuko ya saruji. Nilikataa. Uzi wa kuunganisha kazi ukivutwa mpaka pasipofika, mwenye kusoma anaacha kuamini na zile nyingine tatu. Miezi 6 ya stoo inajitosheleza, na akiomba kazi ya ghala ndiyo itapanda juu.

Kisha tukatafuta jambo la kuonyesha kwamba alikua kati ya kazi ya kwanza na ya mwisho. Akanisimulia bibi mmoja wa Mkinga aliyesema umri wake haujui. Kwenye sensa alikuwa amefundishwa kutumia kalenda ya matukio: ulikuwa umeolewa wakati wa Uhuru? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya vita vya Kagera au baada? Mwaka uliofuata, kwenye utafiti, aliyauliza hayo kwa Kidigo bila kufundishwa tena, na msimamizi akampa makarani wawili wapya awaonyeshe. Hiyo ikaingia wasifuni kwa sentensi mbili. Ndiyo inayofanya kazi tatu zisomeke kama hatua.

Fomu za maombi mtandaoni hazikubali mpangilio huu. Zinadai kila kazi peke yake, na tarehe zake. Zijaze zilivyo, tarehe zilingane na wasifu, halafu ule uzi uuweke kwenye barua ya maombi, aya ya kwanza.

Vyeti ndivyo vinavyokosekana. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Wengi hawakiombi, wanaona aibu kuombea kazi ya miezi minne. Kiombe wiki ya mwisho, ofisi ikiwa bado ina watu, kwa sababu mradi ukifungwa aliyekujua anahamia mkoa mwingine na namba yake ya simu haipatikani.

Mpwa wangu ana cha utafiti tu. Kile cha stoo ameanza kukifuatilia wiki hii.