Jiwe likisema uongo, mfasiri afanyeje?

Karibu na Daraja la London imesimama nguzo ya mawe yenye urefu wa futi 202, yaani mita 61 na nusu hivi. Ilijengwa kati ya mwaka 1671 na 1677 kwa ubunifu wa Christopher Wren na Robert Hooke, iwe kumbukumbu ya moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji mwaka 1666. Upande wa kaskazini wa kitako chake umechongwa maandishi marefu ya Kilatini. Mtalii huyapiga picha, huondoka, kisha jioni humtafuta mtu wa kumfasiria. Upande huo hukaa kivulini sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo picha nyingi hutoka hafifu. Isitoshe, herufi U imechongwa kama V, na macho yasiyozoea huchanganya I na L. Lakini tuseme picha imetoka safi na kila herufi inasomeka. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuanze na tarehe. Jiwe linasema moto ulizuka siku ya "IV NONAS SEPTEMBRIS". Mwenye haraka ataona IV, ataona Septemba, ataandika tarehe 4 Septemba. Amekosea. Warumi hawakuhesabu siku za mwezi kuanzia mwanzo kwenda mbele. Walihesabu kurudi nyuma kutoka kwenye siku tatu maalumu, na mojawapo iliitwa Nonas. Katika mwezi wa Septemba Nonas huwa tarehe 5. Sasa mwenye hesabu kidogo atatoa nne kwenye tano apate tarehe 1, naye pia amekosea, maana Warumi waliihesabu na ile siku ya kuanzia. Weka vidole: tano, nne, tatu, mbili. Ni tarehe 2 Septemba, siku ya Jumapili.

Hapa wafasiri hugawanyika. Uingereza wakati ule ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, ile ya Julius Kaisari, na haikuiacha hadi mwaka 1752. Katika karne ya 17 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 10 ikilinganishwa na hii tunayoitumia leo. Kwa hiyo Jumapili ile, kwa hesabu yetu, ilikuwa tarehe 12 Septemba. Wapo wanaosema msomaji apewe 12, kwa kuwa ndiyo siku halisi katika kalenda yake. Wengine wanasema aachiwe 2, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye jiwe na ndiyo atakayoikuta katika kila kitabu kinachosimulia moto huo. Mimi niko na hao wa pili. Kugeuza "IV NONAS" kuwa tarehe 2 ni kufasiri, lakini kugeuza 2 kuwa 12 ni kuhamisha tukio kutoka kalenda moja hadi nyingine, na kazi hiyo mahali pake ni kwenye maelezo ya pembeni. Ukiiingiza ndani ya tafsiri, msomaji atadhani vitabu vyote vimekosea.

Kipimo cha eneo kinanifanya nisite zaidi. Jiwe linasema magofu ya mji yalienea "jugera" 436. Jugera ni kipimo cha mashamba cha Warumi, na moja ni kama robo ya hekta. Ukipiga hesabu kwa uaminifu unapata takriban hekta 110. Lakini aliyeandika maandishi haya alikuwa Mwingereza wa karne ya 17, anafikiri kwa ekari za kwao, akatafuta neno la Kilatini linalokaribiana akaliweka. Ekari 436 ni kama hekta 176, na kiasi hicho ndicho kinacholingana na eneo lililoungua. Uaminifu kwa neno unampunguzia msomaji zaidi ya theluthi moja ya moto. Hapa naandika "ekari 436" bila kusita, na wala sihesabu kwamba nimelisahihisha jiwe. Nimelielewa tu. Vivyo hivyo na "templa", ambayo hapa ni makanisa, si mahekalu. Na "insulae", neno ambalo kamusi itakupa kwanza kama visiwa, kumbe mjini lilimaanisha majengo yaliyoshikana yakizungukwa na barabara pande zote. London haikupoteza visiwa.

Sehemu ya mwanzo, nikiifasiri, inakuja hivi:

"Mwaka wa Kristo 1666, tarehe 2 Septemba, mashariki ya hapa kwa umbali wa futi 202, ambao ndio urefu wa nguzo hii, ulizuka moto usiku wa manane. Upepo ukavuma, moto ukala hata vilivyokuwa mbali, ukasambaa pande zote kwa kasi na mngurumo usiosadikika. Uliteketeza makanisa 89, malango ya mji, ukumbi wa baraza, majengo ya umma, nyumba za kutunzia maskini, shule, maktaba, majengo mengi yaliyoshikana, nyumba 13,200 na barabara 400."

"Usiku wa manane" nimeuchagua kwa makusudi. Kilatini kinasema katikati ya usiku, na ningeweza kuandika saa sita usiku, lakini jiwe halikutaja saa. Ukiitaja wewe umeongeza dai ambalo halikuwapo.

Ugumu wa kweli unakuja mwishoni, pale maandishi yanapoacha kuhesabu nyumba na kuanza kutoa hukumu. Kwanza jiwe linadai kwamba moto ulikuwa mkali kwa mali za raia lakini haukudhuru maisha yao. Kweli, vifo vilivyoandikwa ni vichache sana, havifiki kumi. Lakini mtumishi wa kike wa mwokaji mikate Thomas Farriner, ambaye moto ulianzia katika nyumba yake mtaani Pudding Lane, alifia humo humo. Na vifo vya watu wa chini havikuwa na wa kuviandika sawasawa. Kisha jiwe linasema kwamba siku ya tatu, juhudi zote za binadamu ziliposhindwa, moto ulisimama kwa amri kutoka mbinguni, "kama ipasavyo kuamini."

Maneno hayo matatu ya mwisho ni rahisi kuyaruka, nami nimeona tafsiri zilizoyaruka. Ukiyaacha, jiwe linatamka kwa uhakika kwamba Mungu aliuzima moto. Ukiyaweka, linasema hivyo ndivyo inavyofaa mtu aamini. Mwandishi mwenyewe aliacha mlango wazi kidogo, na mfasiri hana ruhusa ya kuufunga.

Wala hana ruhusa ya kuufungua zaidi. Kiswahili kina neno dogo lenye hila, "eti". Andika "eti moto ulisimama kwa amri ya mbinguni" na tayari umemcheka mwandishi kabla msomaji hajasema lolote. "Inasemekana" nalo lina kasoro yake, kwa sababu linaleta wasemaji wengine wasiojulikana ilhali msemaji ni mmoja na yuko mbele yetu, kwenye jiwe. Anayetaka kujitenga na dai aseme mara moja mwanzoni, "jiwe linasema," kisha aliache jiwe liseme.

Wanaopinga msimamo huu wana hoja nzito, na ushahidi wao uko kwenye nguzo hiyohiyo. Mwaka 1681 iliongezwa sentensi moja mwishoni mwa maandishi haya: "Lakini wazimu wa kipapa, uliotenda maovu makubwa namna hii, bado haujazimwa." Maana yake, Wakatoliki ndio waliochoma mji. Mwaka 1685, mfalme Mkatoliki James wa Pili alipoingia madarakani, sentensi ilifutwa. Ilichongwa tena mwaka 1689, baada ya yeye kupinduliwa. Ikafutwa kwa mara ya mwisho mwaka 1830, mwaka mmoja baada ya Wakatoliki wa Uingereza kuruhusiwa kuingia bungeni.

Picha ya mtalii wa leo haina sentensi hiyo. Je, tafsiri iwe nayo? Anayesema hapana anasema: nimeletewa picha, nafasiri picha, kurudisha matusi yaliyofutwa ni kuyapa uhai mpya. Anayesema ndiyo anasema: aliyefuta alifuta mawe, hakufuta historia, na bila mstari huo msomaji ataona kumbukumbu ya ajali tu, asijue kwamba kwa karibu karne moja na nusu ilikuwa pia hati ya mashtaka. Nakubaliana na huyu wa pili, kwa sharti kwamba mstari uwekwe ndani ya mabano ya mraba, miaka ya kuongezwa na kufutwa ikae papo hapo, na msomaji aone wazi kwamba hauko kwenye picha yake.

Na neno lenyewe lisisafishwe. Kuandika "wazimu wa Wakatoliki" ni kumpa mchongaji adabu ambayo hakuwa nayo, maana neno lake lilikuwa la dharau. "Wa kipapa" linabeba dharau hiyo, ingawa nakiri kwamba msomaji wa pwani anaweza kwanza kumfikiria samaki.

Lipo jiwe jingine la mwaka huohuo 1681, lililobandikwa Pudding Lane kwenyewe na ambalo baadaye lilihamishiwa makumbusho. Hilo halikuishia kulaumu kundi. Lilimtaja mtu: moto ulitoka katika mioyo miovu ya wafuasi wa Papa, kwa mkono wa wakala wao Hubert. Robert Hubert alikuwa mtengeneza saa Mfaransa. Alikiri kuwasha moto, akanyongwa tarehe 27 Oktoba 1666. Mwanzoni alikiri kuuwasha Westminster, mahali ambapo moto haukufika kabisa, na baadaye nahodha wa meli iliyomleta alieleza kwamba Hubert alishuka London siku mbili baada ya moto kuanza.

Kwa jiwe hili msimamo wangu wa kuacha jiwe liseme lenyewe unayumba. Dai kuhusu mbingu kila msomaji atalipima mwenyewe, lakini hana namna ya kupima habari za Hubert kwa kutazama picha. Bado nafasiri kila neno kama lilivyochongwa, jina likiwemo. Ila chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule na si kwenye kona ndogo, naandika: "Hubert alikuwa baharini moto ulipoanza."