Mkubwa Asipopokea Simu, Nani Aamue?

Timu nyingi zina karatasi inayoonyesha nani anaamua nini, na suala likizidi uwezo wake lipelekwe kwa nani. Tatizo langu na karatasi hizo ni kwamba karibu zote zinachukulia kuwa mkubwa atapokea simu. Hazisemi lolote kuhusu saa ambayo hapatikani, na hiyo ndiyo saa mambo yanapoharibika.

Chukua timu inayosimamia mfumo wa kupokea oda. Saa 3:00 usiku wanahifadhi chelezo ya data, yaani nakala ya akiba, kisha wanaweka toleo jipya la programu. Kufika saa 4:10, takriban oda moja kati ya tano inakataliwa. Msimamizi wa zamu anaruhusiwa kurudisha toleo la zamani bila kumwomba mtu, na kwa kawaida angefanya hivyo mara moja. Lakini toleo hili limebadilisha pia muundo wa hifadhidata, na toleo la zamani haliwezi kuusoma muundo mpya. Ili kurudi nyuma, itabidi arudishe ile chelezo ya saa 3:00, na oda zote zilizoingia baada ya hapo zitapotea.

Kitendo ni kilekile, kurudisha toleo, ila sasa hakitenduliki. Ndiyo maana naamini mipaka ya mamlaka isiwekwe kwa cheo wala kwa kiasi cha fedha pekee. Swali la kwanza liwe: tukikosea, tunaweza kurudi tulipokuwa, na kwa gharama gani? Linalorudishika kwa urahisi aamue aliye karibu na kazi. Lisilorudishika lipande juu, hata kama linaonekana dogo.

Basi msimamizi anampigia mkuu wa mfumo saa 4:15. Kimya. Saa 4:30 anampigia naibu wake, kwa sababu karatasi yao inasema dakika 15 zikipita bila jibu, nenda kwa anayefuata. Naye hapatikani. Kwenye timu isiyo na kanuni ya ukimya, hapa ndipo mtu anapochagua kati ya mabaya mawili: kukaa akiangalia oda zikikataliwa hadi asubuhi, au kujitwika uamuzi ambao si wake. Timu hii imeandika hivi: dakika 30 zikipita bila jibu kutoka juu, mwenye zamu achukue hatua inayozuia madhara na inayoweza kutenduliwa, halafu aendelee kupiga simu. Anasimamisha upokeaji wa oda mpya, data haigusi, na anaandika kwenye daftari la maamuzi:

"Saa 4:45 usiku. Nimesimamisha upokeaji wa oda mpya. Aliyeamua: msimamizi wa zamu, kwa kanuni ya ukimya, mkuu na naibu wamepigiwa, hawajajibu. Tunachojua: karibu oda moja kati ya tano inakataliwa tangu toleo jipya, chanzo bado hakijulikani. Njia iliyoachwa: kurudisha chelezo ya saa 3:00, kwa kuwa ingefuta oda zilizoingia baadaye. Uangaliwe upya: mkuu au naibu akipatikana."

Sehemu ninayoithamini zaidi ni "tunachojua". Kesho yake chanzo kitakuwa kimejulikana, na kila mtu ataona jibu lilikuwa wazi. Bila mstari ule, msimamizi atahukumiwa kwa habari ambazo usiku ule hakuwa nazo. Kwa sababu hiyohiyo, kilichoandikwa kisifutwe. Uamuzi ukibadilika, andika ingizo jipya linalotaja lile lililobatilishwa.

Na jina la mwamuzi, au nafasi yake, liwepo. Ukifungua daftari ukakuta "iliamuliwa" na "ilikubalika" kila ukurasa, watu hawajui mamlaka yao yanaishia wapi, au wanajua na wanaogopa.

Kuna wanaosema kanuni ya ukimya inawapa wadogo mamlaka ya wakubwa. Sioni hivyo. Uamuzi wa kurudisha chelezo umebaki juu muda wote. Kilichoshuka ni ruhusa ya kuzuia hasara isiongezeke. Ninachokubali ni kwamba kanuni haifai pale ambapo hakuna hatua inayotendulika. Hapo tiba ni kuongeza watu wa kupigiwa, na mmoja wao awe zamu kweli, simu ikiwa wazi.

Dakika zenyewe si za milele. Mkuu akisoma daftari asubuhi, ataona kwamba baada ya simu ya kwanza oda ziliendelea kukataliwa kwa nusu saa nzima, wakati hatua iliyochukuliwa mwishoni ingeweza kutenduliwa kwa dakika chache. Mimi ningeuhamisha mpaka huo wa mamlaka siku hiyohiyo: kusimamisha oda kuwe uamuzi wa mwenye zamu tangu mwanzo, na mkuu ajulishwe baada ya hapo.