Insha tano hazipimi kigunduzi

"Nimejaribu kigunduzi cha maandishi ya akili unde kwa insha 5 za wanafunzi wangu na insha 5 nilizoandikiwa na ChatGPT. Zote 10 kimepatia. Mbona wenzangu wanasema bado sina ushahidi kwamba kinaaminika?"

Hiyo 10 kwanza igawanywe, maana ndani yake mna majaribio mawili. Kigunduzi hukosea kwa namna mbili: humsingizia mtu aliyeandika mwenyewe, au huliachia andiko la mashine likapita. Insha za ChatGPT haziwezi kuonyesha kosa la kusingizia, kwa kuwa hakuna mtu wa kusingiziwa pale. Basi swali linalomgusa mwanafunzi, la ni mara ngapi atatuhumiwa bure, limepimwa kwa insha 5 tu.

Sasa chukua vigunduzi vitatu. Cha kwanza husingizia insha 1 katika kila 100. Cha pili husingizia 9 katika 100, na hicho si cha kubuni: OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilipotoa kigunduzi chake Januari 2023 ilitangaza yenyewe kiwango hicho cha asilimia 9, ikasema pia kwamba kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huohuo ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Cha tatu ni kibovu kabisa, husingizia 20 katika 100. Kila kimoja kipe insha 5 za watu. Cha kwanza kitapita bila kosa mara 95 katika majaribio 100, cha pili mara 62, cha tatu mara 33. Hesabu yake ni fupi: kwa kigunduzi cha pili, uwezekano wa kuipatia insha moja ni 0.91, na wa kuzipatia tano mfululizo ni 0.91 kujizidisha mara tano. Kwa hiyo ukiona tano safi, unaweza kuwa umeshika chochote kati ya hivyo vitatu. Kile cha tatu, ambacho hakuna mwalimu angekikubali akikijua, kinafaulu mtihani wako mara moja katika kila tatu.

Ukitaka kujua ubovu unaoweza kujificha nyuma ya matokeo safi, kuna kanuni ya mstari mmoja. Andika hivi kwenye Python, ukiweka idadi ya maandishi mahali pa 5:

```
1 - 0.05**(1/5)
```

Jibu ni 0.45 hivi. Maana yake, baada ya insha 5 bila kosa, bado huwezi kukataa kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kigunduzi kinasingizia hata insha 45 katika 100. Hiyo 45 ndiyo dari, yaani kosa kubwa kabisa linaloweza kujificha. Weka 10, dari inashuka hadi 26. Weka 20, inafika 14. Kwa idadi kubwa zaidi huhitaji kompyuta: gawa 3 kwa idadi ya maandishi. Maandishi 100 bila kosa hukupa dari ya asilimia 3, na 300 hukupa asilimia 1. Upande wa pili wa jaribio lako una udhaifu uleule: insha 5 za mashine zikikamatwa zote, bado inawezekana kwamba kigunduzi hukamata 55 tu katika 100.

Mtu atauliza kama tofauti kati ya asilimia 1 na 9 ni ya kusumbukia. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kiliifanya hesabu hiyo Agosti 2023 kilipozima kigunduzi cha Turnitin. Turnitin ilikuwa inadai kusingizia asilimia 1. Chuo kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye mfumo huo mwaka 2022, kwa hiyo hata dai hilo likiwa la kweli, kazi kama 750 zingesingiziwa bila kosa la mwandishi. Kwa asilimia 9 zingekuwa 6,750. Insha zako 5 haziwezi kutenganisha hali hizo mbili.

Hata hivyo, wanaotetea majaribio madogo wana hoja, na haifai kupuuzwa. Jaribio dogo linaweza kukataa hata pale lisipoweza kuthibitisha. Muuzaji akidai kusingizia asilimia 1, nawe katika insha 5 ulizozichukua bila kuchagua ukakuta 2 zimesingiziwa, jambo hilo lingetokea kwa bahati mbaya mara 1 tu katika majaribio 1,000 hivi. Huna haja ya insha 300 ili kulitilia shaka dai lake kwa nguvu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi 7 kwa insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Kwa wastani asilimia 61.3 ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Insha 91 si nyingi, lakini kosa likiwa kubwa kiasi hicho, hata ukiacha nafasi ya asilimia 10 juu au chini, uamuzi haubadiliki. Moshi ukiwa mzito, hutafuti darubini.

Ila nguvu hiyo huanzia kwenye makosa mawili au zaidi. Kosa moja katika tano halitoshi, na hapa wanaovipinga vigunduzi nao huteleza. Wakiona insha moja kati ya tano imesingiziwa hutangaza kwamba kosa ni asilimia 20, ilhali matokeo hayo yanaweza kutoka kwa kigunduzi chenye kosa la nusu asilimia au chenye kosa la asilimia 70. Fikiria walimu 20, kila mmoja na insha zake 5, wote wakikijaribu kile kigunduzi kizuri cha asilimia 1. Karibu mwalimu 1 atakutana na kosa, na huyo ndiye atakayeandika kwa hasira kwenye kundi la WhatsApp. Wape walimu haohao kile kibovu cha asilimia 20: kama 6 au 7 wataona matokeo safi na kukisifu. Mabishano yanayofuata hayatazimwa na mifano zaidi ya insha tanotano ikitolewa mmojammoja, kwa kuwa kila mtu hutoa ile iliyomshangaza.

Idadi ni nusu tu ya tatizo. Vigunduzi vilevile vilivyopimwa na Stanford vilipewa insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani, na hizo vilizipatia karibu zote. Aliyepima kwa insha za Wamarekani hao peke yake angeondoka na imani kamili, hata kama angekuwa na 300. Sababu iko kwenye namna vigunduzi hivyo vinavyofanya kazi: hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia msamiati mdogo na miundo ya sentensi iliyozoeleka, hivyo maandishi yake hutabirika. Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu anayeandika Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu yuko karibu zaidi na watahiniwa wa TOEFL kuliko na watoto wa Marekani. Na akiandika Kiswahili, kipimo cha Kiingereza hakimhusu kabisa. OpenAI ilionya wazi kwamba chombo chake kilikuwa dhaifu zaidi nje ya Kiingereza, na kwamba hakitegemeki kwa andiko lenye herufi chini ya 1,000.

Kwa hiyo ziangalie tena zile insha 5. Kama ni za wanafunzi watano bora, au zote ni za mada moja iliyofundishwa juzi, au ni kazi za mwanafunzi mmoja, hazihesabiki kuwa tano kamili. Makosa ya kigunduzi huja kwa makundi: kikiushindwa mtindo wa mtu fulani, kitaushindwa katika kila kazi yake. Ndiyo maana kukata insha moja ndefu vipande 10 hakukupi maandishi 10. Na zile 5 za ChatGPT, ikiwa uliomba tu "andika insha kuhusu mazingira" na kubandika jibu lilivyo, ni zile nyepesi kuliko zote kukamatwa. Hazisemi lolote kuhusu insha ya mwanafunzi iliyosahihishwa sarufi na programu, au iliyofikiriwa kwa Kiswahili kisha ikatafsiriwa. Ugomvi mwingi wa ofisini huzuka juu ya hizo za katikati.

Kipimo cha maana kinawezekana hata shuleni. Kinachohitajika ni maandishi ambayo una hakika ni ya watu, na hakika hiyo iko kwenye makabati: kazi zilizoandikwa kabla ya 30 Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa. Zipe namba, ondoa majina, kisha zichukuliwe kwa bahati nasibu, kazi moja kwa kila mwanafunzi, katika somo na urefu utakaopimwa baadaye. Anayezichapa kompyutani aache makosa ya tahajia na ya sarufi yalivyo. Akiyarekebisha anakipa kigunduzi andiko jingine. Kiwango cha alama za kigunduzi ambacho kikipitwa mtu atatuhumiwa kiandikwe kabla ya kuanza. Ukisubiri kuona matokeo ndipo uchague kati ya 50 na 80, utachagua ile inayoficha makosa uliyokwisha kuyaona.

Kazi 300 kwa dakika 3 kila moja ni saa 15, na kwa mwalimu mmoja huo ni mzigo wa kweli. Shule tatu zinazofanana zikigawana zitafanya kwa saa 5 kila moja. Kosa moja likijitokeza katika hizo 300, dari haiko tena kwenye asilimia 1. Imepanda hadi 1.6 hivi, na ili kuirudisha chini ya 1 mnahitaji jumla ya kazi 473 zenye kosa hilo moja tu. Msikubali kuliondoa kosa hilo kwa hoja kwamba "huyo mwanafunzi huandika kama roboti". Huyo ndiye atakayeitwa ofisini kujibu tuhuma.

Kama kazi 300 hazipatikani, zipimwe 60 na ripoti iandikwe ilivyo: makosa 0 katika 60, dari ya asilimia 5. Kwa dari hiyo, katika shule yenye wanafunzi 400 walioandika wenyewe, hadi 20 wanaweza kusingiziwa bure katika zoezi moja, kwa hiyo alama ya kigunduzi peke yake haiwezi kumkatia mtu maksi. Juu ya ripoti hiyo iandikwe pia tarehe na toleo la kigunduzi, kwa sababu vyombo hivi hubadilishwa na watengenezaji wake, na matokeo ya toleo la zamani hayahamii kwa jipya.