Siku nilipompoteza Mandela kwenye faharasa

Naomba niseme mapema kwamba kosa lote ni langu, kompyuta ilifanya nilichoiambia, ndiyo shida yenyewe.

Nilipewa kazi ya kutengeneza faharasa ya majina mwishoni mwa kitabu cha historia. Majina 340, kila jina na kurasa zake, yapangwe kwa alfabeti kufuata jina la ukoo. Mhariri, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia "mama hiyo kesho asubuhi unayo," maana kichwani kwangu kupanga alfabeti ni kubofya A hadi Z halafu unaenda kulala.

Nikamwaga majina yote kwenye Eksel, nikabofya. Yakajipanga kwa jina la kwanza. Albert, Charles, Claude, Dante... ah, sawa, kumbe natakiwa kutenganisha jina la kwanza na la ukoo kwanza. Kuna kitu kinaitwa Text to Columns, kinakata jina kila penye nafasi na kuweka vipande kwenye kolamu tofauti. Nikakata. Einstein akakaa vizuri kolamu ya pili, Darwin vizuri, halafu Vincent van Gogh akanitolea "van" kolamu ya pili na "Gogh" ya tatu, na Jean de La Fontaine akaenea kolamu nne kama mtu aliyelala kwenye kochi la wageni.

Hapo ndipo akili yangu ya saa sita usiku ikafanya kazi. Nilishawahi kusikia mahali kwamba hivi vijineno, van, von, de, la, da, havihesabiwi kwenye alfabeti. Basi kama havihesabiwi vya nini? Nikavifuta. Nikafungua Find and Replace, nikaandika `van`, sehemu ya kubadilisha nikaacha tupu, Replace All. Kisha `von`. Kisha `de`. Kisha `la`. Kisha `da`. Eksel ikanipa ripoti kwamba imebadilisha sehemu kadhaa, namba ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia lakini nikaichukulia kama dalili ya bidii. Nikaseva, nikafunga, nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Asubuhi nafungua faili nakutana na Nelson Man.

Nikafikiri macho. Nikateremka. Charles rwin. Ivan Pavlov amebaki I Pavlov, kama mtu aliyeanza kujitambulisha akakatwa kauli. Plato amekuwa Pto. Claude Monet alipoteza "de" kwanza, akabaki Clau, halafu "la" ikampitia, akawa Cu Monet. Kumbe ukiandika `la` bila nafasi mbele na nyuma, Eksel haitafuti neno "la", inatafuta herufi l na a zilizofuatana popote zilipo, na kama hujaweka tiki kwenye Match case hata herufi kubwa haziponi, ndiyo maana Dante akabaki nte. Mandela maskini alikuwa na "de" na "la" zimekaa pamoja tumboni, alikatwa mara mbili.

Ctrl+Z? Nilishafunga faili, na ukifunga, historia ya kutendua inaondoka nayo. Kopi ya awali? Usiniulize. Nikakaa na mswada pembeni, nikapitia mstari kwa mstari, kila jina lililoonekana limejeruhiwa nikaliandika upya. Saa tatu nzima. Kumbukeni hayo maneno, "kila jina lililoonekana limejeruhiwa", tutarudi.

Baada ya hapo nikaokoka, nikasema sifuti tena kitu. Nikaunganisha vipande, kila jina likawa zima tena kolamu A, nikapata fomula ya kuchukua neno la mwisho la jina, kwa sababu jina la ukoo si ndilo huwa la mwisho jamani?

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",REPT(" ",100)),100))
```

Inapanua kila nafasi kuwa nafasi 100, inachukua herufi 100 za mwisho, inapunguza upepo, unabaki na neno la mwisho. Nzuri sana, hata sasa naipenda. Nikapanga kwa kolamu hiyo, nikakagua majina matatu ya kutega: Vincent van Gogh yuko G, Ludwig van Beethoven yuko B, Charles de Gaulle yuko G. Yote matatu safi. Nikatuma, nikamwandikia na kaujumbe kwamba samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nahakiki.

Simu ikaja baada ya nusu saa. Mama anaongea taratibu, ile taratibu ambayo ni mbaya zaidi ya kelele.

"Kaka, kwenye herufi J kuna mtu anaitwa Jr. Huyo ni nani?"

Martin Luther King Jr. Neno la mwisho ni Jr. Fomula haikukosea hata kidogo.

"Mao Zedong umempeleka Z. Gabriel García Márquez umempeleka M. Na Leonardo umempeleka V, kana kwamba Vinci ni baba yake."

Nikajitetea kwamba van Gogh mbona amekaa sawa. Akacheka kwa mara ya kwanza, akaniambia nimekagua watatu ambao hata fomula mbovu inawapatia. Ukitaka kujua kama orodha imepangwa vibaya usiangalie van Gogh, mwangalie Martin Van Buren, yule rais wa Marekani. Yangu ilimweka B.

Hapo akanipa darasa, nikaandika nyuma ya bahasha ya bili. Ni kwamba kijineno chenyewe hakina kanuni, kanuni ni ya nchi au lugha ya mwenye jina. "Van" ya Mholanzi wanairuka, kwa hiyo van Gogh ni G. "Van" ileile ikivuka mpaka kuingia Ubelgiji ni sehemu ya jina, na huandikwa kwa V kubwa, kwa hiyo Jean-Claude Van Damme, Mbelgiji, yuko V (alikuwa kwenye kitabu kweli, sura ya utamaduni, msiniulize). Van Buren asili yake Uholanzi lakini yeye ni Mmarekani, na kwa Kiingereza kijineno huhesabiwa, V. Beethoven babu zake walitoka upande huohuo wa Van Damme, lakini yeye anahesabiwa Mjerumani, na Wajerumani wanaruka, B. Van nne, sheria nne, na mimi nilikuwa nataka kuzifuta kwa kitufe kimoja.

Wafaransa ndio walinimaliza. "De" yao wanairuka lakini "La", "Le" na "Du" hawaziruki. Kwa hiyo Charles de Gaulle ni G, halafu Jean de La Fontaine ni L: ile de inatupwa nyuma, ile La inabaki mbele. Nikamuuliza mama, hivi mtu anaishije hivi? Akasema faharasa nyingi za Kiingereza zinamweka de Gaulle kwenye D na hazijakosea, kosa ni kumweka yeye D na mwenzake mwenye "de" ya aina hiyohiyo ukamweka kwingine. Chagua, shikilia.

García Márquez nilikuwa simjui kumbe. Watu wa Kihispania wana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama linafuata, na alfabeti inaanzia kwa baba. Kwa hiyo G. Federico García Lorca naye G, hata kama dunia nzima inamwita Lorca, na kwa sababu dunia nzima inamwita Lorca unaweka mstari kwenye L: "Lorca, tazama García Lorca". Wareno sasa wamegeuza, la mama hutangulia, la baba linakuja mwisho, na ndilo la kupangia. Mao ni M na hawekewi koma, kwa sababu Mao ndilo jina la ukoo na limeshatangulia lenyewe, ukiandika "Mao, Zedong" umepindua kitu ambacho hakikuwa kimepinduka. Leonardo ni L, Vinci ni mji aliotoka. Al-Khwarizmi anakaa K, "al-" inaandikwa lakini haihesabiwi, ila Ibn Battuta anabaki I, kwa sababu "ibn" yake inahesabiwa. Na Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wa Aisilandi kuanzia 1980 hadi 1996, anakaa V, kwa jina la kwanza, kwa kuwa Finnbogadóttir maana yake ni binti Finnbogi tu. Kule hata kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza.

Dawa yenyewe ikawa ya aibu kwa urahisi wake. Usiliguse jina. Liache kolamu A lilivyo, na Mandela wake mzima, ongeza kolamu ya pembeni uandike kwa mkono jinsi jina linavyotakiwa kupangwa, herufi ndogo tupu, alama za juu ya herufi umezivua, halafu panga kwa hiyo kolamu ya pembeni:

```
Vincent van Gogh          gogh vincent van
Martin Van Buren          van buren martin
Jean de La Fontaine       la fontaine jean de
Gabriel García Márquez    garcia marquez gabriel
Martin Luther King Jr.    king martin luther jr
Mao Zedong                mao zedong
al-Khwarizmi              khwarizmi
```

Fomula ileile, ikiongezewa LOWER ya herufi ndogo na jina la kwanza nyuma yake, niliitumia kujazia wale wa kawaida, karibu 290 hivi, wakina Albert Einstein wasio na makuu. Waliobaki kama 50, wenye maneno zaidi ya mawili, vistari, au wasiopangwa kwa neno la mwisho, niliwapitia mmoja mmoja nikiuliza wewe ni wa wapi, kama afisa uhamiaji. Ilinichukua mchana mmoja. Kazi ya "kesho asubuhi" ilifika siku ya nne, lakini ilifika safi, na nikajua ni safi kwa sababu safari hii nilikagua wakorofi, sio wapole.

Mama akajibu jioni: imekaa vizuri, ahsante, kuna swali moja tu. Moyo wangu ukatulia, swali moja ni nini.

"Kwenye T una mtu anaitwa Niko Tes, ukurasa wa 88. Nimeupekua ukurasa wa 88 wote, nimemkuta Nikola Tesla tu. Huyu Niko yuko wapi?"